Sura ya 7: Pesa Yako Imekwama Wapi?

Swali lifuatalo huulizwa na wenye biashara wa kila aina, kuanzia duka la vifaa vya ujenzi hadi kampuni ya usafirishaji. Kampuni ndogo ya programu za kompyuta imeleta barua ambayo hukuiomba. Inasema itakutengenezea mfumo utakaoandika ankara wenyewe, utume ujumbe kwa wanaochelewa kulipa, na ukuonyeshe kwenye simu nani anadaiwa nini. Barua imeandikwa vizuri na ina nembo. Bei imetajwa, na kijana aliyeileta ana adabu. Je, ukubali?

Kabla ya kujibu, weka barua pembeni uchukue daftari lako la madeni. Barua inaeleza uwezo wa mfumo, lakini haielezi pesa yako inakwama wapi, kwa sababu aliyeiandika hajui. Hajawahi kuona hati zako. Mara nyingi amekwisha kumtengenezea mteja mmoja mfumo, ukafanya kazi, na sasa anatafuta wateja wengine watano wa kuuzia kitu kilekile. Hilo si kosa, ndivyo kampuni changa zinavyokua. Ila kazi ya kupima kama dawa yake inaendana na ugonjwa wako inabaki kuwa yako.

Katika sura hii tutaipima barua ya namna hiyo hatua kwa hatua. Kampuni tutakayoitumia ni ya mfano, na hesabu zake ni za mfano. Taratibu za kodi, za shule na za malipo ndizo zilizopo Tanzania.

## Kampuni ya Kenyamonta

Tuiweke kampuni yetu Kenyamonta, wilayani Serengeti. Mwenyewe ni mama anayeuza saruji, mabati, nondo na mbao, na ana malori mawili. Baadhi ya wateja hununua taslimu dukani, na hao hawahusiki na sura hii. Wengine huchukua kwa mkopo, nao ni wa aina tatu. Kuna shule na zahanati zinazojenga kwa fedha za serikali. Kuna makandarasi wadogo, wakiwemo wanaofanya kazi ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, karibu na mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo. Na kuna watu binafsi wanaojenga nyumba zao kidogokidogo.

Mauzo ya mkopo ni takriban Sh 90,000,000 kwa mwaka. Hati za kupokelea mzigo, yaani karatasi ambayo mteja husaini lori linaposhusha, ni kama 40 kwa mwezi. Karani ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayesimama kaunta.

Barua iliyomfikia mama huyu inatoka kwa vijana watatu wenye ofisi Musoma. Inaahidi mambo mawili: ankara kutoka siku ileile, na muda wa kusubiri malipo kupungua kwa nusu. Gharama ni Sh 500,000 za kuanzisha, kisha asilimia 2 ya kila malipo yatakayopita kwenye mfumo.

## Gawa muda wa kusubiri katika vipande vinne

Watu wengi wakiulizwa kwa nini hawana pesa hujibu kwamba wateja hawalipi. Jibu hilo lina ukweli, ila linaficha mengi. Kati ya siku mzigo uliposhuka na siku pesa ilipoandikwa daftarini kuna vipande vinne vya muda, na kila kipande kina mwenyewe:

1. Kutoka mzigo kushuka hadi ankara kutoka.
2. Kutoka ankara kutoka hadi mteja kuikubali bila kasoro.
3. Kutoka mteja kuikubali hadi kulipa.
4. Kutoka mteja kulipa hadi karani kuandika kwamba deni limekwisha.

Chukua ankara zako 30 kubwa za miezi mitatu iliyopita, tafuta tarehe hizo kwa kila moja, kisha piga wastani. Kazi hii inachukua jioni mbili na haihitaji kompyuta.

Kwa mama wa Kenyamonta, wastani wote ulikuwa siku 62. Kipande cha kwanza kilikula siku 11, cha pili siku 9, cha tatu siku 38 na cha nne siku 4.

Siku 11 za mwanzo ndizo zilizomshtua, kwa sababu ni zake mwenyewe. Dereva alikuwa anatunza kitabu cha hati ndani ya lori. Akishusha mabati Jumatatu, akaenda Mugumu Jumanne na kulala Tarime Jumatano, kitabu kinasafiri naye. Kikirudi ofisini, karani anasubiri Jumamosi ndipo aandike ankara, kwa kuwa siku nyingine kaunta ina watu. Muda wote huo mteja hajadaiwa chochote, na hawezi kulaumiwa kwa kutolipa ankara ambayo haijamfikia.

Siku 9 za pili zilitokana na ankara zilizorudishwa. Shule inayojenga kwa fedha za serikali huwa na kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi inahesabu na kusaini. Dereva mwenye haraka akimsainisha mwalimu wa zamu peke yake, karatasi hiyo haitoshi kuidhinisha malipo. Kasoro nyingine ni namba ya LPO, yaani hati rasmi ya oda, kusahaulika kwenye ankara. Nyingine ni jumla ya ankara kuizidi ya LPO kwa sababu fundi aliongeza kilo tano za misumari kwa simu. Na nyingine ni jina la kampuni kutofautiana na lile lililosajiliwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi. Kila kasoro ni safari ya kwenda na kurudi.

Siku 38 za tatu ni za mteja. Shule inasubiri fedha ziingie, watia saini wapatikane, malipo yaandaliwe na kuidhinishwa. Mkandarasi anasubiri alipwe na aliyempa kazi. Mtu binafsi anasubiri auze ng'ombe mnadani au avune.

Sasa rudi kwenye ahadi ya barua. Nusu ya siku 62 ni siku 31. Hata kama kipande cha kwanza, cha pili na cha nne vingekuwa sifuri kabisa, bado zingebaki siku 38. Ahadi ile haiwezekani kwa kampuni hii, na huhitaji kujua chochote kuhusu kompyuta kuliona hilo.

Kwa ufupi: mfumo wa ankara unaweza kufupisha muda unaopotea ndani ya ofisi yako na makosa ya karatasi. Muda ulio mikononi mwa mteja unaugusa kidogo tu.

## Siku chache zina thamani gani?

Tuseme mfumo umefanya kazi vizuri. Dereva anapiga picha hati iliyosainiwa papo hapo, karani anaipata, ankara inatoka kesho yake. Kipande cha kwanza kinashuka kutoka siku 11 hadi 2. Mfumo unakataa kutoa ankara isiyo na namba ya LPO, na cha pili kinashuka kutoka 9 hadi 5. Cha nne kinashuka kutoka 4 hadi 2. Jumla, siku 15 zimeokolewa.

Mauzo ya mkopo ya Sh 90,000,000 kwa mwaka ni karibu Sh 246,600 kwa siku. Siku 15 ni Sh 3,700,000. Hapa wengi huteleza: hiyo siyo faida. Ni pesa yako mwenyewe iliyokuwa nje na sasa imerudi mara moja, kisha inaendelea kuzunguka. Faida yake ni kile unachookoa kwa kuwa nayo. Kama mama alikuwa anakopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili ajaze duka, ameokoa riba ya takriban Sh 666,000 kwa mwaka.

Upande wa gharama, asilimia 2 ya Sh 90,000,000 ni Sh 1,800,000 kila mwaka, mbali na zile 500,000 za mwanzo. Analipa 1,800,000 ili aokoe 666,000. Tena analipa asilimia hiyo hata kwa shule ambayo ingemlipa vilevile bila mfumo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujadiliana ni muundo wa bei. Ada ya kudumu ya mwezi, tuseme Sh 60,000, inafika Sh 720,000 kwa mwaka. Inakaribia thamani ya siku zilizookolewa, na haipandi kwa sababu tu umeuza zaidi. Asilimia inafaa pale kampuni ya programu inapokusanya madeni yaliyokwisha kukatiwa tamaa, na iwe kwa madeni hayo peke yake, yakiwa yameorodheshwa kwa jina kabla ya kazi kuanza.

Kuna swali jingine la haki: je, siku hizo zingeweza kuokolewa bila mfumo? Nyingi zingeweza. Dereva akipewa vitabu viwili, kimoja kikibaki ofisini kwa kupokezana, na karani akiandika ankara kila asubuhi kabla ya kufungua kaunta, siku 11 zinaweza kushuka hadi 4 bila gharama. Ningemshauri mama aanze na hilo wiki hii, kabla hata ya kuijibu barua.

## Karatasi ambazo hazikugeuka kuwa ankara

Mpaka hapa mfumo unaonekana hauna maana. Lakini kuna kipimo cha pili, na mara nyingi ndicho chenye pesa. Barua nyingi hazikitaji kabisa.

Hati za mzigo zina namba zinazofuatana. Ziorodheshe zote za miezi mitatu, na mbele ya kila namba andika namba ya ankara iliyotokana nayo. Kwa mama wa Kenyamonta kulikuwa na hati 120. Ankara zilipatikana kwa 116. Hati nne zilikuwa zimesainiwa na mzigo umeshuka, lakini hakuna aliyedaiwa. Thamani yake ilikuwa Sh 1,150,000.

Moja ilikuwa ya zahanati, na ililipwa baada ya kupelekewa ankara. Mbili zilikuwa za mkandarasi mmoja, ambaye alikubali moja na kuibishia nyingine. Ya nne saini yake haisomeki, dereva aliyeshusha ameacha kazi, na hakuna anayekumbuka mifuko ile 20 ya saruji ilikwenda wapi.

Hasara ya namna hii haionekani kwenye daftari la madeni, kwa sababu deni lenyewe halikuwahi kuandikwa. Mfumo unaoanzia kwenye hati ya mzigo unaweza kuonyesha kila jioni hati zisizo na ankara. Mfumo unaoanzia kwenye ankara hauwezi, kwa kuwa haujui kilichoshuka kwenye lori. Kwa hiyo swali la kwanza kwa vijana wa Musoma liwe hili: mfumo wenu unaanza kuhesabu lini, mzigo unaposhuka au karani anapoandika ankara?

Swali la pili linatokana na barabara zenyewe. Dereva akiwa mahali ambapo simu haishiki mtandao, picha ya hati inahifadhiwa kwenye simu na kutumwa baadaye, au inapotea? Waambie wakuonyeshe kwa vitendo. Zima data kwenye simu, piga picha hati mbili, zima simu kabisa, iwashe, kisha rudisha data. Zikifika zote mbili, vizuri. Ikifika moja, umekwisha kujua.

## Deni ambalo si deni

Sehemu ngumu kuliko zote ni kipande cha nne, kuoanisha malipo na ankara. Mifumo mingi huandika ankara vizuri, lakini hukwama pesa inapoingia.

Chukua ankara moja. Mama ameiuzia shule mabati ya Sh 4,000,000. Mauzo yake ya mwaka hayajafikia Sh 200,000,000, kiwango cha kulazimika kusajiliwa kwa VAT, kwa hiyo ankara haina VAT. Shule inalipa, na benki inaonyesha Sh 3,920,000. Sh 80,000 zimekwenda wapi?

Zimekwenda TRA kama kodi ya zuio. Hii ni kodi ambayo mnunuzi huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini kwa niaba ya muuzaji. Serikali na taasisi zake zinaponunua bidhaa hukata asilimia 2. Kwa huduma, kwa mfano kama mama angelipwa pia ufundi wa kuezeka, kiwango ni asilimia 5. Zile Sh 80,000 hazijapotea. Ni sehemu ya kodi ya mapato ya mama ambayo imeshalipwa, na atazidai kwenye hesabu zake za mwaka, mradi awe na hati ya kodi ya zuio kutoka kwa aliyezikata.

Mfumo usiojua jambo hili unaona ankara ya Sh 4,000,000, malipo ya Sh 3,920,000, na salio la Sh 80,000. Siku ya thelathini unamtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba anadaiwa. Mwalimu mkuu anashangaa, anampigia mama simu, na mama anaomba radhi. Mwezi unaofuata ujumbe unatoka tena. Wakati huohuo jambo ambalo kweli lilitakiwa kufuatiliwa, hati ya kodi ya zuio, hakuna anayeliuliza, na mwisho wa mwaka mama analipa tena kodi aliyokwisha kukatwa.

Mfumo unaofaa huifunga ankara hiyo kwa mistari miwili: pesa iliyoingia Sh 3,920,000, na kodi ya zuio Sh 80,000 inayosubiri hati. Ukumbusho unaokwenda shuleni unaomba hati na hautaji deni. Wape vijana ankara hii moja wakati wa maonyesho na uwaache waifunge mbele yako. Ni jaribio la dakika tano.

Malipo ya simu yana shida yake. Mtu binafsi analipa Sh 150,000 leo, 70,000 wiki ijayo, wakati mwingine kwa simu ya mdogo wake, na wakati mwingine kwenye namba binafsi ya mama badala ya Lipa Namba ya duka. Mfumo hauoni kilichoingia kwenye namba binafsi, na hauwezi kubahatisha kwamba pesa iliyotumwa na mdogo mtu ni ya deni la kaka.

Serikali ililitatua tatizo hili kupitia GePG, mfumo wa malipo wenye kontroli namba ulioanza 2017. Kila ankara ina namba yake, na pesa ikija na namba hiyo haihitaji kuulizwa inalipia nini. Kampuni binafsi haitoi kontroli namba za serikali, lakini zipo benki na kampuni za malipo zinazotoa namba za kumbukumbu zinazofanya kazi hiyohiyo. Waulize vijana wanatumia ya nani na kila muamala unagharimu kiasi gani. Kama hawana, basi karani ataendelea kuoanisha kwa macho, na kile kipande cha siku 4 hakitafupika.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Pesa iingie moja kwa moja kwenye akaunti au Lipa Namba yenye jina la kampuni yako, na isipitie kwenye akaunti ya kampuni ya programu "halafu tutakuhamishia". Kuendesha mfumo wa malipo na kushika pesa za wateja wa watu wengine kunahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Vijana watatu wenye kompyuta nzuri hawana leseni hiyo kwa sababu tu wana kompyuta nzuri.

## Ankara ya mfumo na risiti ya EFD

Mfumo unaweza kuchapa ankara yenye nembo, rangi na maneno yote. Bado karatasi hiyo si risiti ya kodi. Risiti ya kodi hutoka kwenye EFD, mashine iliyosajiliwa na TRA, au kwenye VFD, ambayo ni programu inayofanya kazi ya mashine hiyo ikiwa imeunganishwa na TRA. Wanunuzi wengi wa kitaasisi hutaka risiti hiyo kwenye kabrasha la malipo.

Kama mfumo mpya hauzungumzi na VFD iliyoidhinishwa, karani ataandika kila mauzo mara mbili, kwenye mfumo na kwenye mashine. Mahali panapoandikwa mara mbili patapatikana tarakimu zinazotofautiana. Barua ikisema "tumeunganishwa na TRA", omba risiti moja ya mteja wao wa sasa, ingia `verify.tra.go.tz`, na uihakiki kwa namba iliyo kwenye risiti. Ikionekana, wamesema kweli.

## Ujumbe wa kudai

Kudai kwa ujumbe wa simu ndiko barua nyingi hukuweka mbele, na ndiko panapohitaji tahadhari. Turudi kwenye aina tatu za wateja. Kwa shule, ujumbe wa kila wiki hausogezi fedha ambazo hazijaingia, unamchosha mwalimu mkuu tu. Mkandarasi husaidiwa na ujumbe unaofika siku chache kabla ya tarehe, ili aiweke ankara yako kwenye mpango wake. Ujumbe wenye manufaa zaidi ni kwa watu binafsi, ambao kweli husahau.

Lakini watu binafsi wa Kenyamonta ni majirani, na baadhi ni wakwe. Ujumbe unaotumwa na mashine haujui kwamba nyumba ile ina msiba tangu juzi. Kwa hiyo sharti kuwe na kitufe cha kusimamisha ujumbe kwa mteja mmoja mmoja, na karani apewe ruhusa ya kukibonyeza bila kumsubiri mama. Maneno yenyewe uyaandike wewe. Mfano:

> Habari za leo. Tunakukumbusha ankara Na. 0147 ya saruji, Sh 210,000, tuliyokubaliana ilipwe tarehe 30. Kama umelipa au kuna tatizo, jibu ujumbe huu.

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inampa mwenye malalamiko mahali pa kuyasemea, na majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha mizigo iliyopungua na malipo yasiyoandikwa. Hakikisha basi kwamba majibu yanamfikia mtu. Baadhi ya huduma za kutuma ujumbe kwa wingi hazipokei majibu kabisa. Angalia pia urefu: ujumbe ukizidi herufi 160 unahesabiwa na kutozwa kama zaidi ya mmoja, na huu hapa juu umebakiza herufi chache tu kufika hapo.

Watu wamekwisha kuumizwa na ujumbe wa madeni. Wakopeshaji wa mtandaoni waliwatumia ndugu, jamaa na wafanyakazi wenza wa wadaiwa ujumbe wa kuwaaibisha wadaiwa hao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mteja wako akipokea ujumbe kutoka namba asiyoijua atadhani ni hao hao. Jina la duka lako lionekane, na ujumbe usimwendee mtu mwingine yeyote.

Orodha ya wadaiwa wako ina majina, namba za simu na kiasi wanachodaiwa. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubana wewe na kampuni ya programu pia. Waulize kama wamesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwenye mkataba iandikwe kwamba hawataitumia orodha hiyo kwa jambo jingine lolote.

Kwa ufupi: muulize mleta barua mambo manne, na akuonyeshe kwa vitendo:

- Hati ya mzigo isiyo na ankara inaonekana wapi?
- Malipo yaliyokatwa kodi ya zuio yanafungwaje?
- Pesa inaingia kwenye akaunti ya nani?
- Ujumbe wa kudai unasimamishwaje, na nani anapokea majibu?

## Jibu la mama

Mama hakukataa na hakukubali barua kama ilivyo. Aliwaita vijana, wakakaa nyuma ya duka, akawawekea mezani zile hati 120 na jedwali lake la siku 62.

"Wanangu," aliwaambia, "mmeandika nusu ya muda. Hebu nionyesheni nusu hiyo itatoka wapi hapa."

Aliyekuwa kiongozi wao alilisoma jedwali kwa muda, kisha akasema, "Shikamoo tena mama. Hii ya kulipa shuleni hatuiwezi. Ila hizi 11, na hizi karatasi nne, tunaziweza."

Jibu hilo lilimpa imani kuliko barua nzima. Wakakubaliana majaribio ya miezi mitatu kwa Sh 60,000 kwa mwezi, bila ada ya kuanzisha na bila asilimia. Mwezi wa kwanza mfumo ungehesabu hati za mzigo na ankara tu, daftari likiendelea sambamba. Kodi ya zuio na namba za kumbukumbu zingeongezwa mwezi wa pili. Ujumbe ungeanza mwezi wa tatu, kwa watu binafsi peke yao.

Vipimo viliandikwa kwenye karatasi moja: kipande cha kwanza kishuke hadi siku 3 au pungufu, hati isiyo na ankara isikae zaidi ya siku 2, na ankara za shule zifungwe bila salio la uongo. Daftari na mfumo vikitofautiana, sababu itafutwe siku hiyohiyo, na isichukuliwe kwamba mashine ndiyo yenye haki.

Kipengele cha mwisho kilihusu kuachana, maana kampuni ya watu watatu inaweza kuvunjika kwa kijana mmoja kupata ajira Mwanza. Kila tarehe 1 mama atapokea faili la Excel lenye wateja, hati, ankara na malipo yote. Karani atalifungua kwenye kompyuta ya duka na kulinganisha jumla ya madeni na ile iliyo kwenye mfumo. Ada ya mwezi inalipwa baada ya faili hilo kufunguka na jumla hizo kulingana.